Suke Mdomoni mwa Korongo

Mwanzoni mwa mwezi wa Shaabani, mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, Kurban alimwita Abasi dukani kwake akamsomea barua kutoka Dar es Salaam. Kurban alikuwa wakala wa Chai Korongo kwa mji wa Tabora na maduka yote ya njia ya reli hadi Kaliua. Abasi alikuwa mchoraji wa mabango. Barua ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa mzima wa pili ulihusu mambo ambayo mchoraji hakuruhusiwa kufanya.

Kampuni ilitaka mabango sita ya mabati kwa ajili ya Ramadhani. Pakiti ya chai ionekane vilevile inavyotoka kiwandani: ya kijani, yenye mkanda wa manjano, na katikati duara jeupe alimosimama korongo mguu mmoja, ametazama kushoto, mdomo umefungwa. Asigeuzwe kutazama kulia. Asivishwe kitu, asishikishwe kitu. Hakuna mchoro wala neno litakalopita juu ya pakiti, na kuizunguka iachwe nafasi tupu isiyopungua upana wa dole gumba. Maneno ya heri ya mwezi mtukufu yasiandikwe kwa herufi zilizofanana na zile za jina la chai, watu wasije wakadhani ni jina jipya. Mengine yote, barua ilisema, ni ya mchoraji: watu, chakula, mbingu, nyumba.

Kurban aliisoma polepole, akiinua miwani kila alipofika kwenye nukta. Alipomaliza alimtazama Abasi, kwa sababu wote wawili walijua kuhusu lile suke.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa sita, wakati wa mavuno, Abasi alichora matangazo kwenye kuta za maduka manane, kuanzia Tabora mpaka kijiji kimoja cha ujamaa kilicho maili nne kutoka stesheni ya Kaliua. Agizo la wakati ule lilikuwa fupi: pakiti kama ilivyo, na mavuno pembeni. Alichora ghala, ungo, na wanawake wanaopepeta. Lakini ukuta wa kwanza ulipokamilika alirudi nyuma hatua kumi, kama alivyozoea, akaona kwamba kila kitu pale ukutani kimevuna isipokuwa ndege. Akachovya brashi kwenye rangi ya dhahabu akamtia korongo suke la mtama mdomoni. Dakika tano tu. Watu waliokuwa wamesimama kumtazama walicheka kwa furaha. Kwenye kuta saba zilizofuata alifanya vilevile.

Kurban aliliona suke, naye alicheka. Kampuni ilikuwa imepelekewa mchoro wa penseli uliochorwa kabla ya kazi, na kwenye mchoro ule korongo hakuwa na kitu. Hakuna mtu wa Dar es Salaam aliyekuwa ameziona kuta zenyewe.

“Safari hii anakuja mtu kukagua,” Kurban alisema. “Anaitwa Alois. Fundi, usinichoree utani.”

Abasi alisema hatachora.

Alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Hakuwa amefundishwa na mtu. Alianza kwa kuandika majina ya wenye baiskeli kwenye vifuniko vya minyororo, na kila alichokijua alikijua kwa kukosea kwanza. Alichukua pakiti, akaipima kwa rula, akaikuza mara nane kwenye karatasi kwa kuigawa viboksi, kiboksi kwa kiboksi. Kisha akatoboa mistari yote kwa sindano. Karatasi ile ikilazwa juu ya bati na kugongwagongwa kwa kifuko cha unga wa mkaa, vitundu huacha nukta nyeusi, na korongo hutoka yuleyule kwenye mabati yote sita, bila mkono wa mchoraji kupata nafasi ya kubuni.

Tabu aliipata kwenye mwanga. Alikusudia kuonyesha familia wakati wa futari: mkeka, sinia la tende na mihogo, birika, na taa ya chemni katikati. Kwa mujibu wa macho yake, pakiti iliyokaa karibu na taa ya chemni haiwi ya kijani. Huwa na rangi ya jani linalokauka, na duara jeupe hugeuka manjano. Alipoichora hivyo ilipendeza, ilikuwa kweli, na haikuwa pakiti ya Chai Korongo. Aliitazama siku nzima. Hatimaye aliifuta akaanza upya: familia akaiweka nyuma pamoja na taa yao na mwanga wao mwekundu, na mbele kabisa, chini ya picha, akatandika kitambaa cheupe ambacho taa haikukifikia, juu yake akaisimamisha pakiti peke yake, imetazama mbele, kwa rangi zake za mchana. Mwezi mwandamo aliuchora juu kabisa, mbali, kwenye kona ya mbingu.

Alois alishuka kwenye treni siku ya Jumatano. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mtu wa Ukerewe, mwenye suruali iliyopigwa pasi na sauti ya chini. Alimwamkia Kurban shikamoo, akampa Abasi mkono, kisha akaanza kazi. Alikata tundu dogo kwenye kila kimoja cha vikaratasi viwili vyeupe. Kimoja alikilaza juu ya pakiti halisi, kingine juu ya pakiti iliyochorwa, akalinganisha kijani na kijani kupitia vitundu, bila rangi nyingine kando ya kumdanganya macho. Akafanya vivyo hivyo kwa manjano. Akapima nafasi ya kuzunguka pakiti kwa dole gumba lake mwenyewe. Akarudia kwa mabati yote sita.

Alipomaliza aliwaeleza habari ambayo Abasi hakuitegemea. Kampuni ilikuwa inatafuta mchoraji mmoja wa njia yote ya reli ya magharibi, kutoka Tabora mpaka Kigoma na tawi la Mpanda, kwa mkataba wa mwaka na mshahara wa kila mwezi. Wachoraji wengi alioonana nao walikuwa hodari, lakini hawawezi kuiacha alama ya watu ilivyo. Kila mmoja lazima aongeze chake. Huyu ameiacha. Alikuwa na shughuli Ipole na Isikizya, angerudi Jumatatu, na siku hiyo Abasi angetia sahihi.

Abasi alishukuru. Njiani kwenda nyumbani kwake Ng'ambo alijaribu kufurahi. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, na hakuna mwezi hata mmoja katika maisha yake aliowahi kuuanza akijua utakwishaje.

Nyumbani alikuta mtu wa reli anamsubiri barazani, ameleta ujumbe wa mdomo kutoka kwa mdogo wake, Batuli. Batuli aliolewa na Limbu, na Limbu ndiye aliyeshika ufunguo wa duka la ushirika katika kile kijiji cha maili nne. Ujumbe ulikuwa kwamba ufunguo umechukuliwa. Wanakijiji wanadai Limbu anawauzia chai ya zamani na kuificha mpya. Mkutano ni Jumamosi, na wapo wanaotaka Limbu na familia yake watolewe kijijini, shamba lao apewe mwingine. Kaka aje.

Abasi alimuuliza yule mtu wa reli, chai mpya ni ipi.

“Wanasema ile yenye suke,” alijibu. “Mimi sijaiona.”

Abasi hakulala vizuri. Alfajiri, kabla Kurban hajafungua milango yote, alikuwa dukani kwake. Kurban alimsikiliza akiwa ameshika kufuli mkononi. Hakukasirika. Alisema jambo ni jepesi: Abasi apande treni ya leo, afike na kopo la rangi nyeupe na brashi, alifute lile suke kimyakimya, na mtu yeyote akiuliza aseme kampuni imetuma kuta zisafishwe kwa ajili ya Ramadhani. Suke likiondoka, ugomvi utaondoka. Na Alois hatakuwa na la kuuliza.

“Mkataba wa mwaka, fundi,” alisema. “Wa mwaka mzima. Na mimi je? Uwakala wangu unaangaliwa na macho mangapi siku hizi?”

Hilo lilikuwa kweli. Wafanyabiashara wa jumla walikuwa wanapungua mjini, na kila mmoja aliyebaki alitembea kama mtu aliyebeba mayai. Abasi alichukua kopo la rangi nyeupe.

Treni ilifika Kaliua jua likiwa limeelekea magharibi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na njia ya kijijini ilikuwa na madimbwi. Alikuta nyumba zimepangwa kwa mstari, mpya, nyingine bado bila nyasi juu, na katikati duka la ushirika lenye ukuta aliouchora. Alisimama. Rangi zilikuwa bado zinang'aa. Mbele ya ukuta, kwenye vigoda, waliketi wazee wawili na kijana mmoja mwenye rungu.

Batuli alimweleza walipoingia ndani. Wale walikuwa wa zamu. Kamati ya kijiji iliweka watu wa kuulinda ukuta mchana na usiku tangu juzi, kwa sababu ukuta ni ushahidi. Mtu mmoja alisema Limbu anaweza kwenda kuukwangua.

Mambo yalikuwa yameanza kidogokidogo, Batuli akasema. Gari la kampuni lenye kipaza sauti lilipita mwezi wa saba. Huko nyuma paliuzwa chai za kughushi, basi gari likawatangazia watu wasinunue kwa kusikia jina tu. Wamtazame ndege vizuri, na kama hafanani na yule wa ukutani, wairudishe. Watu wengi kijijini hawakujua kusoma, lakini ndege walijua kumtazama. Walimtazama. Ukutani ana suke, kwenye pakiti hana. Mwanzoni walirudisha pakiti moja moja. Limbu alizipokea, akasema chai ni ileile, onjeni. Wakaonja wakasema ni ya mavuno ya mwaka jana, haina nguvu. Halafu mtu mmoja akasema kwamba chai yenye suke ipo, inakuja, ila Limbu huiuzia watu wa stesheni kwa bei ya juu. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuonja. Wakaanza kumwita kupe.

Limbu alikuwa ameketi kwenye kona, anasuka kamba. Alikuwa mtu mkimya, mwembamba, aliyekabidhiwa duka kwa sababu hakuwahi kusemwa kwa lolote. Hakuwa amemtazama Abasi tangu alipoingia, zaidi ya salamu.

“Shemeji,” alisema hatimaye, “kwenye mkutano wa kwanza niliwaambia, mchoraji ni shemeji yangu, muulizeni. Wakasema shemeji yako anajua kazi yake, kachora alichokiona. Basi nakuuliza mimi. Ulikiona wapi?”

Abasi alisema hakukiona popote. Alikiongeza.

Limbu aliendelea kusuka. Aliuliza kwa nini. Abasi alitafuta jibu, na lote alilolipata lilikuwa kwamba ndege alionekana mtupu. Hakulisema.

Usiku ule kopo la rangi nyeupe lilikaa chini ya kitanda cha kamba alicholalia. Sasa alikuwa anaelewa kwamba hata kama asingekuwapo mlinzi, kulifuta suke kungekuwa sawa na kumfunga Limbu mikono. Asubuhi watu wangekuta ushahidi wao umeondoka na shemeji wa mtuhumiwa yupo kijijini. Ijumaa alimwendea mwenyekiti wa kijiji, Kasimiri, nyumbani kwake, akajaribu njia nyingine: akasema huenda kampuni ilibadilisha pakiti. Kasimiri alikuwa mtu wa haki lakini mwenye haraka. Akauliza ilibadilisha lini, na barua ya kubadilisha iko wapi. Abasi hakuwa na barua. Kasimiri akamwambia kwa upole kwamba kila mtu hutetea ndugu yake, yeye mwenyewe angefanya hivyo.

Jumamosi mkutano ulifanyika mbele ya duka. Watu walikuwa wengi, wengine wamesimama na majembe, wametoka shambani moja kwa moja. Kasimiri alisoma mashtaka. Limbu aliitwa, akasema kile alichokisema siku zote: pakiti anazouza ndizo zinazotoka Tabora, kwenye makasha yaliyofungwa, hajawahi kuona nyingine. Mtu mmoja akamwambia basi ndege wa pakiti kala suke njaa ilipomshika, na watu wakacheka. Kulikuwa na ukali ndani ya kicheko kile. Batuli alikuwa amekaa na wanawake, mtoto mgongoni, ameinamisha kichwa.

Abasi alinyoosha mkono. Kasimiri alimpa nafasi.

Alisema kwa sauti ndogo, wakamtaka apaze, akarudia. Suke ni lake yeye. Kampuni haikumwagiza, pakiti haina suke na haijawahi kuwa nalo. Alilitia mwenyewe kwa kuona linapendeza. Limbu hana kosa. Mwongo ni ukuta, na ukuta ni yeye.

Yalizuka manung'uniko. Mtu wa nyuma akasema hilo ndilo waliloliwaza, kwamba atakuja kulibeba kosa la shemeji yake, maana yeye ataondoka na treni na hakuna atakayemdai shamba. Wengi waliitikia. Abasi aliona kwamba ukweli wake ulikuwa umefika kwa kuchelewa, na kwamba kwa masikio ya watu haukuwa na tofauti yoyote na uongo aliomwambia Kasimiri jana.

Ndipo akasimama Mama Apolinaria, mjumbe wa kamati, mjane aliyekuwa wa kwanza kurudisha pakiti. Alimuuliza Abasi swali moja.

“Ulimchora ndege akiwa na suke, au ulimchora ndege, halafu suke?”

“Ndege kwanza, mama,” Abasi alisema. “Ndege alikuwa amekwisha kukauka.”

“Basi chini ya suke kuna nini?”

Abasi aligeuka akautazama ukuta. Hakuwa amefikiri hivyo. Alikuwa amekuja na kopo la kufunika, akawa hakumbuki kwamba kilichofunikwa tayari kipo. Alimchora korongo kwa ukamilifu, mdomo umefungwa, kama alivyo kwenye pakiti, akaondoka akala, akarudi siku ya pili. Suke alilipaka juu ya rangi iliyokwisha kukauka na kung'aa, bila kuisugua kwa msasa kwanza, na rangi iliyopakwa hivyo haishiki sana. Siku ile aliliona kosa hilo la ufundi akalidharau, kwa kuwa suke lenyewe lilikuwa mchezo tu.

Aliomba wembe. Kijana mwenye rungu alimtazama Kasimiri, Kasimiri akaitikia kwa kichwa, lakini akasema wembe utumiwe na mtu wa kamati, sio fundi. Mama Apolinaria akauchukua. Abasi alimwonyesha namna ya kuulaza karibu sawa na ukuta na kusukuma taratibu, asichimbe. Kisha akarudi nyuma, akaweka mikono yake mgongoni ili watu waione haifanyi kitu.

Mama Apolinaria alikwangua. Mwanzo lilitoka vumbi la dhahabu, halafu kipande kizima kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na weupe. Akakwangua zaidi. Uso wake ulikuwa karibu mno na ukuta, na watu walisogea mpaka Kasimiri akawataka warudi. Ukatokea mstari mweusi, mwembamba, ulionyooka: mdomo wa ndege, umefungwa, haukushika kitu. Mama Apolinaria aliomba pakiti. Ikaletwa. Akaiweka kando ya duara, akatazama huku, akatazama huku, akakabidhi pakiti kwa mjumbe aliyefuata. Wajumbe wote wa kamati walitazama, mmoja mmoja.

Hakuna aliyeshangilia. Yule aliyesema kuhusu njaa ya ndege alikuwa anatazama miguu yake. Kasimiri aliwaita wajumbe kando, wakazungumza kwa muda, wakarudi na uamuzi ambao Abasi aliuona wa haki, ingawa ulimwumiza. Mkutano haumtoi mtu yeyote leo. Lakini wembe umeonyesha tu kwamba suke lilikuja baada ya ndege. Haukuonyesha nani aliagiza, wala kama pakiti za suke hazipo duniani. Ukuta ulisema neno la kampuni, ukadanganya. Sasa wanataka neno la kampuni yenyewe, kwa maandishi na muhuri. Likija, Limbu atarudishiwa ufunguo mbele ya watu. Lisipokuja, watakutana tena. Karani wa kijiji aliandika barua, na Abasi ndiye aliyepewa kuipeleka.

Aliingia Tabora Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi alimkuta Alois dukani kwa Kurban, mkataba uko mezani, kalamu juu yake. Mabati sita yalikuwa yameegemezwa ukutani, tayari kufungwa kwenye magunia. Kurban alimtazama Abasi usoni, akaona bahasha, akaelewa. Alianza kusema kwamba fundi amechoka na safari, watie sahihi kwanza, mambo ya barua baadaye.

Abasi aliwaza kwamba inawezekana. Sahihi ni sekunde moja. Barua ingeweza kutolewa baada ya sahihi, hata kesho, na ingebaki ileile. Lakini alijua Alois alikuwa anampa mkataba kwa sababu moja tu aliyoitaja kwa kinywa chake, na sababu hiyo haikuwa kweli. Alisogeza kalamu kando akaiweka bahasha mahali pake.

Alois alisoma. Alisoma mara ya pili. Aliuliza kuta ni ngapi.

“Nane,” Abasi alisema.

“Zote zina suke?”

“Zote.”

Alois alimgeukia Kurban, akamuuliza kama alijua. Kurban alivua miwani, akaifuta, akasema alijua, na kwamba alicheka. Lilimgharimu kulisema, na Abasi alilikumbuka hilo kwa miaka mingi kila watu walipomsema vibaya Kurban.

Alois hakupaza sauti. Alisema kwamba gari la kipaza sauti lilikuwa wazo lake yeye. Aliandika yale maneno mwenyewe, mtazame ndege wa ukutani, bila kwenda kumwona ndege wa ukutani.  Kisha akaomba karatasi ya duka, akaandika kwa mkono kwamba pakiti ya Chai Korongo haijawahi kubadilika, kwamba korongo hana kitu mdomoni, kwamba chai aliyoiuza ndugu Limbu ndiyo halali, na kwamba kosa ni la tangazo, tena ni la kampuni. Akapiga muhuri wa kampuni, akatia sahihi.

Mabati sita aliyachukua, kwa kuwa yalikuwa sawasawa. Kuhusu kuta nane, Abasi azirudie zote kabla ya mwezi kuandama, kwa rangi ya Kurban. Mkataba aliukunja.

“Umeiweza kazi ukiwa umeonywa,” alisema. “Mimi natafuta mtu atakayeiweza akiwa peke yake huko njiani. Sijui kama ni wewe. Labda ndiwe, baada ya haya. Ila siwezi kuwaambia Dar es Salaam labda.”

Abasi alisema ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa.

Alianzia kuta zake mwisho wa njia, kijijini kwa Limbu. Barua ilisomwa mbele ya duka Alhamisi, mara mbili, mara ya pili kwa Kinyamwezi ili wazee wasiachwe nyuma. Muhuri ulipitishwa watu wauone. Kasimiri alimkabidhi Limbu ufunguo akamshika mkono, na baadhi ya watu walimwendea kumpa pole, baadhi waliondoka tu. Limbu alifungua mlango, akafuta vumbi kwenye meza ya kuuzia, akapanga pakiti kwenye rafu kama zilivyokuwa. Hakuwa amemwambia Abasi neno zaidi ya kumkaribisha chakula, na chakulani aliongea na watoto.

Abasi alikuwa nje, kwenye ngazi, analisugua duara kwa msasa ili alipake upya. Pale suke lilipokwanguliwa wembe ulikuwa umeacha mikwaruzo, na weupe wake haukulingana na weupe wa kando. Aliona kwamba itambidi apake duara zima, si kiraka, la sivyo jicho litakwenda pale daima. Aliilaza karatasi yake ya vitundu pembeni, tayari.

Mama Apolinaria alitoka dukani na robo ratili ya chai. Alikuja mpaka chini ya ngazi, akasimama.

“Sogea, fundi, nimwone.”

Abasi alishuka akasogea. Mama Apolinaria aliinua pakiti usawa wa uso wake, akafumba jicho moja, akamtazama ndege wa ukutani, akamtazama wa mkononi: mguu, shingo, mdomo. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtambua ndege. Limbu alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, anamtazama mama yule usoni. Mwishowe mama alikunja pakiti kwenye upindo wa kanga yake, akaondoka bila kusema kama wanafanana, na Limbu akabaki pale mlangoni, anamngoja mnunuzi wa pili.